Sura ya Nne: Mstari Ambao Kidole Hakiuhisi

Spika mbili ziko mezani. Zote ni za plastiki nyeusi iliyosuguliwa mpaka inang'aa, zote zina kingo za mviringo, na ukipitisha kidole kutoka juu kushuka ubavuni hukwaruzwi na chochote. Hata hivyo mtu yeyote anayeingia chumbani huona kwamba moja imetengenezwa kwa uangalifu zaidi kuliko mwenzake. Akiulizwa ameonaje, husema hajui, ila ile nyingine “ina mstari pale kwenye kona”. Anaugusa huo mstari na haupati. Basi swali ambalo watu huniuliza mara kwa mara ni hili: mbona jicho linaona mstari ambao kidole hakiuhisi?

Mstari huo upo kweli. Upo katika umbo lenyewe, pale ambapo mchoraji aliunganisha uso wa juu na uso wa ubavuni, na unaweza kupimwa. Katika sura hii tutaujenga muungano usio na mstari huo, kwa kutumia ganda la spika ya mezani lenye urefu wa milimita 220, upana wa milimita 140 na kimo cha milimita 90.

Jicho linasoma nini

Kitu kinachong'aa hatukioni chenyewe. Tunachokiona ni picha za vitu vilivyokizunguka: dirisha, ukuta, tyubu ya taa darini. Mahali picha ya taa inapotua juu ya spika hutegemea uso umeelekea wapi katika nukta hiyo. Uso ukiwa bapa, picha ya tyubu hubaki imenyooka. Uso ukianza kupinda, picha nayo hupinda, na kasi ya kupinda kwake hufuata kasi ya uso kubadili uelekeo.

Kasi hiyo ya kubadili uelekeo ndiyo inayoitwa mpindo. Kuupima ni rahisi: tafuta duara linalokaa vizuri zaidi juu ya sehemu hiyo, chukua nusukipenyo chake, yaani umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni, kisha gawanya 1 kwa umbali huo. Duara la nusukipenyo cha milimita 10 lina mpindo wa 0.1. Duara la milimita 100 lina mpindo wa 0.01. Uso bapa una mpindo wa 0, kwa kuwa hauzunguki popote.

Nyuso mbili zinaweza kuungana kwa viwango vitatu vinavyotuhusu:

- Kugusana. Kingo zinakutana bila mwanya, lakini kona ni kali. Kidole kinaihisi na picha ya taa inakatika vipande viwili. Kiwango hiki huandikwa G0.
- Uelekeo mmoja. Mahali zinapokutana, nyuso zote mbili zimeelekea upande mmoja. Kidole kinapita bila kukwama. Picha ya taa haikatiki, lakini inavunjika ghafla kama kiwiko. Hiki ni G1.
- Mpindo mmoja. Mahali zinapokutana, nyuso zina uelekeo mmoja na pia zinapinda kwa kiasi kilekile. Picha ya taa inapita kama haijui kwamba kuna muungano. Hiki ni G2.

Tofauti ya G1 na G2 dereva anaijua mikononi mwake. Barabara iliyonyooka ikiunganishwa moja kwa moja na kipande cha duara, haina kona kali popote, lakini dereva angelazimika kuzungusha usukani wote kwa mara moja pale duara linapoanza. Kwa sababu hiyo wahandisi wa barabara na reli huweka katikati kipande ambacho mpindo wake unaongezeka taratibu kutoka sifuri. Sisi tunatafuta kipande kama hicho, ila chetu ni uso mzima.

Spika yenye mstari ilichorwa kwa G1. Mchoraji alichukua uso wa juu, akachukua ubavu, akaamuru programu iizungushe kona kwa duara la milimita 10. Uso wa juu una mpindo wa 0. Hatua moja mbele, duara linaanza na mpindo ni 0.1. Katikati ya namba hizo mbili hakuna kitu. Ngozi ya kidole haiwezi kuutambua mruko huo, lakini picha ya taa inautambua papo hapo.

Kwa nini nukta sita

Programu za kuchorea maumbo hushikilia mkunjo kwa nukta dhibiti, yaani nukta zinazouvuta mkunjo kuelekea kwao, ingawa mkunjo hugusa ya kwanza na ya mwisho tu. Hesabu hii ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliifanyia kazi akiwa Citroën kuanzia mwaka 1959, na Pierre Bézier aliisitawisha akiwa Renault. Kampuni ya kwanza iliifanya siri kwa miaka mingi, ndiyo maana leo mikunjo hiyo inabeba jina la Bézier.

Kila nukta kutoka mwisho wa mkunjo ina kazi yake. Nukta ya kwanza inaamua mkunjo unaanzia wapi. Ya pili, ikiunganishwa na ya kwanza, inaamua unaondoka kuelekea wapi. Ya tatu inaamua unaondoka na mpindo gani. Kwa hiyo kila upande unahitaji nukta tatu ili ufikie G2, na pande mbili zinahitaji sita. Mkunjo wa nukta sita huitwa mkunjo wa daraja la tano, na ndio mdogo kabisa unaoweza kuheshimu mpindo wa pande zote mbili bila nukta ya upande mmoja kuingilia kazi ya upande wa pili. Ukiona mtu anajaribu kupata G2 pande zote kwa kipande kimoja cha nukta nne, nukta zake za kati zinavutwa na wenyewe wawili, na mara nyingi umbo alilolitaka ndilo linalopotea.

Uso wa mpito, yaani uso tunaoujenga kati ya zile nyuso mbili, ni mkunjo huo uliotandazwa kando ya ukingo. Badala ya nukta sita tunapata safu sita za nukta. Safu tatu ni mali ya uso wa juu, tatu ni mali ya ubavu.

Kuchora kwanza mkato mmoja

Sipendi kuanza na uso mzima. Ni afadhali kukata ganda kwa mawazo kama unavyokata mkate, kisha kuchora mpito katika mkato mmoja mpaka uridhike nao.

Tuseme kwanza juu ni bapa na ubavu ni wima. Zikiendelezwa zingekutana kwenye kona ya nyuzi 90. Tunaiita kona hiyo sifuri, kisha tunapima umbali wa kila nukta kutoka hapo. Juu tunaweka nukta tatu zilizo umbali wa milimita 20, 12 na 4 kutoka konani. Ubavuni tunaweka tatu vilevile, 4, 12 na 20 kwenda chini. Nukta tatu za juu ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka, na hicho ndicho kinachofanya mpindo uanze kwa 0, sawasawa na uso bapa ulio nyuma yake.

Sasa tazama mkunjo unavyokwenda. Unaanza na mpindo wa 0. Ukiwa umesogea kidogo tu ndani, mpindo ni kama 0.015. Unaendelea kupanda hadi katikati, ambako unafika 0.106, sawa na duara la nusukipenyo cha milimita 9.4. Kisha unashuka kwa namna ileile hadi 0. Ni kilima kimoja, hakina mruko.

Linganisha na duara la kawaida lenye ukali huohuo. Duara la milimita 9.4 lingeanza milimita 9.4 kutoka konani. Mpito wetu unaanza milimita 20 kutoka konani, zaidi ya mara mbili. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: wanataka mpito wa G2 ukae katika nafasi ileile iliyokuwa ya duara. Mpindo unaopanda taratibu unahitaji mahali pa kupandia. Ukiubana, kilele kinakuwa kikali. Kwa mfano, acha mwanzo na mwisho palepale kwenye 20, weka nukta za pili kwenye 10, na zisogeze za tatu za pande zote mbili hadi konani kabisa, kwenye 0. Nusukipenyo cha katikati kinashuka kutoka milimita 9.4 hadi 4.6. Mpito bado ni G2, lakini mtazamaji anaona ukingo mkali wenye mabega mapana.

Kosa la upande wa pili ni gumu zaidi kuligundua. Weka nukta kwenye 20, 14 na 8, ukidhani ukiziweka mbali na kona utapata umbo nono na laini. Mpindo unapanda hadi takriban 0.059, unashuka hadi 0.054 katikati, kisha unapanda tena. Vilima viwili na bonde. Miungano yote miwili imetimiza G2 na programu haitalalamika, lakini picha ya taa itanenepa kidogo katikati ya kona na kukonda kila upande, na mtu ataona uso umebonyea bila kujua ni wapi.

Kwa ufupi hadi hapa: G2 ni sharti la kwenye mipaka tu. Umbo la katikati ni kazi ya mchoraji, na kipimo chake kizuri ni kilima kimoja cha mpindo.

Uso wa juu ukiwa na mgongo

Spika halisi haina juu bapa. Plastiki bapa inayong'aa huonekana kama imebonyea, kwa hiyo wachoraji huipa mgongo mdogo. Tuseme mgongo wetu una nusukipenyo cha milimita 800. Sasa mpindo wa uso wa juu si 0 tena, ni 0.00125, na nukta yetu ya tatu haiwezi kubaki kwenye mstari ulionyooka. Inapaswa kushuka chini ya mstari huo kwa kiasi fulani. Kwa mkunjo wa daraja la tano kiasi hicho ni:

```
h = 1.25 × a² / R
```

Hapa a ni umbali kati ya nukta ya kwanza na ya pili, R ni nusukipenyo cha uso wa jirani, na h ni kina ambacho nukta ya tatu inashuka. Kwetu sisi a ni milimita 8 na R ni 800. Jibu ni milimita 0.1, karibu unene wa karatasi ya kuandikia. Ndiyo maana mpindo haulinganishwi kwa kukisia skrinini kwa macho. Unaiachia programu iiweke nukta hiyo.

Kanuni hiyo fupi inatufundisha mambo mawili ambayo vitufe vya programu havisemi. La kwanza, kina cha h hakitegemei nukta ya tatu iko mbele kiasi gani, kinategemea tu imeshuka kiasi gani. Kwa hiyo unaweza kuitelezesha nukta ya tatu sambamba na ule mstari, mbele au nyuma, na G2 haivunjiki. Huo ndio uhuru wako wa kuchonga kilima. La pili, a imepigwa kipeo cha pili. Ukiisogeza nukta ya pili mara mbili mbali zaidi bila kuigusa ya tatu, mpindo wa mwanzo unashuka hadi robo. Nukta ya pili usiiguse kwa mkono baada ya kulinganisha.

Kuzunguka ganda zima

Mkato ukishakubalika, tunakwenda kwenye ganda. Hatua ninazotumia katika Rhino ni hizi, na programu nyingine zina amri zinazofanana nazo:

1. Weka uvumilivu wa faili, yaani kosa kubwa kabisa linaloruhusiwa, kuwa milimita 0.001 kabla ya kuchora chochote.
2. Chora umbo la spika linavyoonekana kutoka juu, kona zake nne zikiwa tayari na mpindo unaopanda taratibu, kisha livute liwe ubavu mmoja unaozunguka.
3. Chora uso wa juu wenye mgongo, uupitilize nje ya ubavu.
4. Kata uso wa juu milimita 20 ndani ya ukingo, na ubavu milimita 20 chini ya ukingo, kwa `Trim`.
5. Unganisha kingo mbili kwa `BlendSrf`, ukichagua `Curvature` pande zote mbili.

Hatua ya pili ndiyo inayobeba uzito wote. Anayeunganisha kwanza juu na mbavu nne, moja moja, kisha akarudi kwenye kona za wima, hujikuta na mipito mitatu inayogombania kona moja, na tundu la pembe tatu lisilokubali kujazwa vizuri. Ubavu ukiwa tayari unazunguka bila kukatika, mpito wa juu unakuwa pete moja na lile tundu halitokei kabisa.

Lakini pete hiyo ina sharti. Mstari wa kukatia juu uko milimita 20 ndani ya umbo la nje, na kila ukiingia ndani kona zinabanwa. Kona ya wima yenye nusukipenyo cha milimita 35 pale inapopinda zaidi inabaki na 15 kwenye mstari wa ndani, na inafaa. Kona ya milimita 22 ingebaki na 2, na kona ya 18 ingejikunja juu ya yenyewe. Nikiona pete inakunjamana kwenye kona, ninarudi kupima namba hii kabla ya kulaumu kitu kingine. Aidha, kama zile kona nne zilichorwa kwa vipande vya duara, mruko wao wa mpindo utaingia katika pete na kuonekana humo, hata ukichagua `Curvature` mara mia.

Vitelezi vya `BlendSrf` ndivyo vinavyosogeza nukta za ndani. Vitembeze mpaka mkato wa katikati ya ubavu ufanane na ule uliouchora, kisha ongeza mikato mingine kwa `AddShapes` kwenye kona, maana huko mpito huwa na tabia ya kulala upande. Safu za nukta zinapaswa kuvuka ukingo kwa pembe mraba. Zikionekana zimepinda kama nywele zilizopeperushwa, uso umesokoteka, na hapo hakuna marekebisho ya maana isipokuwa kufuta na kuujenga tena.

Kukagua

Kuna vipimo viwili, na kila kimoja kinaona kasoro ambayo kingine huipitia.

Cha kwanza ni chanuo la mpindo, amri ya `CurvatureGraph`. Programu huchora meno yanayosimama juu ya mkunjo, na urefu wa kila jino ni mpindo wa mahali hapo. Toa mkato unaovuka kutoka juu, kupitia mpito, hadi ubavuni, kisha tazama ncha za meno. Pale nyuso zinapokutana, jino la upande huu na la upande ule yawe na urefu mmoja. Ngazi ya ghafla maana yake umeshuka hadi G1. Na ndani ya mpito ncha zichore kilima kimoja. Vile vilima viwili vya 20, 14 na 8 hapa vinaonekana waziwazi.

Cha pili ni mistari ya pundamilia, amri ya `Zebra`, ambayo huuvisha uso picha ya mistari myeusi na myeupe kana kwamba umesimama mbele ya ukuta wenye mistari hiyo. Zungusha ganda taratibu huku ukitazama mipaka. Mistari isiyokutana ni G0. Inayokutana lakini inavunjika kiwiko ni G1. Inayopita kwa ulaini ni G2. Kabla ya kuitazama, ongeza ubora wa wavu unaochora uso skrinini. Wavu mbovu huvunja mistari hata pale uso ulipo sahihi, na unaweza kupoteza mchana mzima ukitibu ugonjwa usiokuwepo.

Mistari ikitetemeka mbali na mpaka, ndani kabisa ya uso wa juu, mpito hauna hatia. Uso wa juu ulichorwa kwa nukta nyingi kupita kiasi, na mpito umeurithi mtetemeko huo kwa uaminifu. Ujenge upya uso wa juu kwa nukta chache, kata tena, unganisha tena.

Mahali pa kuuacha

Kazi hii ina gharama, na si kila ukingo unaistahili. Kalibu, yaani chuma kinachomiminiwa plastiki, husuguliwa kwa mkono hadi ing'ae, na msuguo huo unaweza kuondoa sehemu ya ulaini uliouchora ikiwa mpito ni mwembamba. Ukingo wa nusukipenyo cha milimita 1 hauna upana wa kuonyesha picha ya taa, kwa hiyo duara linatosha. Plastiki yenye vichembe au rangi isiyong'aa nayo huficha tofauti ya G1 na G2 kwa macho ya wengi. Ndani ya ganda, kwenye mbavu za kuimarisha na vishikio vya skurubu, sijawahi kuona sababu ya kutumia zaidi ya duara.

Kwenye spika yetu, basi, pete ya juu na kona nne za wima ni G2. Ukingo wa tundu la sauti ni duara la milimita 1. Ukingo wa chini, unaokaa juu ya miguu ya mpira na kutazama meza, ni duara la milimita 2, na unachorwa kwa amri moja.